Seti moja ya maswali ya semina, wakufunzi sita: kipi kinabaki, kipi kinabadilika

*"Mwalimu mratibu, nina vikundi viwili vya semina, kimoja Jumatatu na kingine Ijumaa. Kikundi cha Ijumaa kinaingia darasani kikiwa na majibu kutoka kwa wenzao wa Jumatatu. Nimeuliza wakufunzi wenzangu: mmoja anayasoma maswali neno kwa neno, mwingine amebadilisha matatu bila kumwambia mtu. Hii seti tuliyopewa ni ya kufuata kama ilivyo, au tunaruhusiwa kukata na kushona? Na maswali niliyoyatunga mimi, nikiyaweka humo, yanakuwa ya nani?"*

Wakufunzi wenzangu,

Swali hili limeletwa na mmoja wenu, lakini tangu muhula uanze nimelisikia kwa sura mbalimbali kutoka kwenu karibu wote. Kwa hiyo ninalijibu kwa barua ya wote sita.

Kila swali katika seti yetu lina sehemu tatu, na ruhusa yenu inatofautiana kwa kila sehemu. Kuna *shina*, yaani lile jambo moja ambalo mwanafunzi lazima apambane nalo kabla hajatoka chumbani. Kuna *kisa*, yaani jedwali, habari au mfano unaolibeba shina hilo. Halafu kuna *maswali ya kuchimbua*, yale madogo mnayoyauliza kulingana na majibu mnayopata. Shina haliguswi hadi muhula uishe. Kisa mnaweza kukibadilisha, mradi mfuate utaratibu nitakaoueleza. Maswali ya kuchimbua ni yenu kabisa; hata yale niliyoyaandika mimi yapo ili tu asiyekuwa na la kuanzia apate pa kuanzia.

Kosa ni langu kwamba hadi sasa sehemu hizi tatu zilikuwa zimeandikwa kama aya moja. Mtu akisoma aya moja ana njia mbili tu, kuisoma yote kama ilivyo au kuibadilisha yote, na ndivyo mlivyofanya. Sasa nitawaonyesha utengano huo kwa swali la pili la wiki ya nne, kwa kuwa ndilo lililovuja zaidi.

Shina la swali hilo ni hili: *takwimu za jumla zinasema jambo moja, takwimu za makundi madogo zinasema kinyume chake, ni zipi tuzifuate, na kwa nini?* Wanatakwimu wanaliita kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson aliyeandika juu yake mwaka 1951.

Kisa cha kwanza, ambacho wote mmekitumia, ni cha Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Mwaka 1973 waombaji wanaume wa masomo ya uzamili walikuwa 8,442, na asilimia 44 kati yao walikubaliwa. Wanawake walikuwa 4,321, na waliokubaliwa ni asilimia 35. Ukiishia hapo, chuo kinaonekana kimewabagua wanawake waziwazi. Ukifungua idara mojamoja, picha inageuka. Katika idara iliyopewa herufi A, wanaume 825 waliomba na asilimia 62 wakakubaliwa. Wanawake 108 waliomba na asilimia 82 wakakubaliwa. Katika idara F, iliyokuwa ngumu sana kuingia, walikubaliwa asilimia 6 ya wanaume na asilimia 7 ya wanawake, na idadi ya waombaji wa kila upande ilikaribiana. Wanawake wengi waliomba idara zinazokataa waombaji wengi, wanaume wengi waliomba idara zinazokubali wengi, na tofauti hiyo ya maombi ndiyo iliyozaa pengo la jumla.

Sasa fikirieni kinachovuja kati ya Jumatatu na Ijumaa. Shina halivuji, kwa sababu mwanafunzi hawezi kumpa mwenzake uwezo wa kufikiri kwa ujumbe wa simu. Kinachovuja ni neno moja: "idara". Mwanafunzi wa Ijumaa anaingia akijua kwamba jibu ni idara, analitamka katika dakika ya pili, na semina inakufa. Dawa yake si kutunga swali jipya, wala si kuwakataza wanafunzi kuzungumza wao kwa wao. Badilisheni kisa, shina libaki palepale.

Kisa cha pili ni cha tiba ya mawe ya figo, kutoka utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1986. Tiba ya kwanza ilikuwa upasuaji wa kufungua mwili. Ya pili ilikuwa ya kupitisha kifaa kwenye tundu dogo la ngozi. Namba ni za wagonjwa waliofanikiwa kati ya waliotibiwa:

| | Mawe madogo | Mawe makubwa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Tiba ya kwanza | 81 kati ya 87 | 192 kati ya 263 | 273 kati ya 350 |
| Tiba ya pili | 234 kati ya 270 | 55 kati ya 80 | 289 kati ya 350 |

Kwa jumla, tiba ya pili inashinda kwa asilimia 83 dhidi ya 78. Kwa mawe madogo, tiba ya kwanza inashinda, 93 dhidi ya 87. Kwa mawe makubwa inashinda tena, 73 dhidi ya 69. Mtego ni uleule wa Berkeley: wagonjwa wenye mawe makubwa, ambao ni wagumu kutibika, walipelekwa zaidi kwenye tiba ya kwanza, nayo ikabeba lawama ya ugumu wao. Mwanafunzi aliyekuja na neno "idara" mfukoni hana pa kulitumia, kwani hapa hakuna idara. Inambidi atafute mwenyewe ni kitu gani humu kinachofanya kazi ambayo idara ilifanya kule.

Huenda mkasema kwamba baada ya wiki moja hata hilo litavuja, na wataanza kuja na fomula: "gawa makundi, kisha fuata makundi." Ni kweli, na ndiyo maana kipo kisa cha tatu. Naomba mkisome kwa utulivu, kwa sababu ndicho ninachokithamini kuliko vyote katika seti hii.

Chukueni jedwali lilelile, namba zilezile, msibadilishe hata moja. Badilisheni vichwa vya safu tu. Badala ya "mawe madogo" andikeni "shinikizo la damu la kawaida baada ya kutumia dawa", na badala ya "mawe makubwa" andikeni "shinikizo la damu la juu baada ya kutumia dawa". Tiba mbili ziwe dawa mbili, na wagonjwa wawe wamegawiwa dawa kwa kura, ili makundi yote mawili yalingane mwanzoni. Waambieni wanafunzi kwamba kisa hiki ni cha kubuni. Kisha waulizeni dawa ipi ni bora.

Mwenye fomula atagawa makundi na kusema dawa ya kwanza. Amekosea. Kati ya waliotumia dawa ya pili, 270 kati ya 350 walimaliza wakiwa na shinikizo la kawaida. Kati ya waliotumia dawa ya kwanza, walikuwa 87 tu. Kushusha shinikizo ndiyo kazi ya dawa yenyewe. Ukiwagawa wagonjwa kwa shinikizo walilokuwa nalo baada ya dawa, umeondoa kwenye hesabu ile faida uliyotaka kuipima. Hapa jumla ndiyo inayosema kweli, na dawa ya pili ndiyo bora. Ukubwa wa jiwe ulikuwepo kabla ya tiba na ukachangia uamuzi wa nani apewe tiba ipi, kwa hiyo kule ilikuwa lazima tugawe. Shinikizo limetokea baada ya dawa na limesababishwa na dawa, kwa hiyo hapa kugawa kunapotosha. Namba ni zilezile, majibu yanapingana, na kinachoamua ni mpangilio wa sababu na matokeo, ambao haumo ndani ya jedwali.

Mkiwa na kisa hiki, kuvuja kwa majibu kunageuka kuwa msaada. Kikundi kilichokuja kikijua Berkeley kimefika nusu ya njia kabla semina haijaanza, na nyinyi mnakianzishia hapo.

Kwa hiyo ratiba ya wiki ya nne ni hii. Vikundi vya Jumatatu na Jumanne vinatumia kisa A, yaani Berkeley. Vya Jumatano na Alhamisi vinatumia kisa B, mawe ya figo. Vya Ijumaa vinaanza na kisa B kwa dakika kumi kisha vinaingia kisa C. Muhula ujao tutaizungusha, ili wa Ijumaa wasiwe ndio wanaofika mbali kila mara. Jambo hili linanihangaisha kidogo, na nimeliwekea kinga: wiki ya tano, dakika kumi za mwanzo, vikundi ambavyo havikufika kisa C vitapewa jedwali lake. Wote wanafanya mtihani mmoja, na si haki siku ya semina imwamulie mtu atakachojua.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini shina haliguswi. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifundisha, mwenzangu mmoja aliona swali kama hili ni zito, akalibadilisha kimyakimya kuwa "eleza maana ya kitendawili cha Simpson na utoe mfano." Kikundi chake kilikuwa na semina nzuri sana kwa kuitazama; kila mtu alizungumza. Mtihani ulipokuja na jedwali lisilo na jina la kitendawili chochote, wanafunzi wake wengi walisoma jumla wakaandika jibu la jumla. Walijua kukieleza, hawakujua kukitambua. Alikuwa mkufunzi mzuri, na alibadilisha kwa nia njema. Lakini alibadilisha kitendo ambacho mwanafunzi alitakiwa akifanye, kutoka kutambua hadi kueleza, na hakuna aliyejua hadi karatasi ziliposahihishwa.

Kipimo ni hiki: ukitaka kujua kama umegusa kisa tu au umegusa shina, angalia kitenzi. Mwanafunzi anachagua kati ya takwimu mbili na kutetea uchaguzi wake? Kama mabadiliko yako yanamwacha afanye hivyohivyo, endelea. Kama sasa anataja, anafafanua au anaorodhesha, umetoka nje ya shina. Niandikie kwanza; huenda una sababu nzuri, na muhula ujao tutalibadilisha kwa wote.

Muda nao. Semina ni dakika hamsini, na seti ya kila wiki ina maswali matatu. Wengine mmekuwa mkikimbia ili kuyamaliza yote. Swali la pili la wiki ya nne peke yake, likifanywa vizuri, linataka dakika ishirini na tano. Mnaonyesha jumla tu, na kila mwanafunzi anaandika kwenye karatasi yake anachoamini na kwa nini; dakika tatu. Anamwonyesha jirani yake, dakika tano. Ndipo mnafunua makundi, na hapo mnanyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa katika miaka ya 1970 alikuta walimu wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuongeza neno au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na walionyamaza wakapungua. Jedwali kama hili linataka zaidi ya hapo. Mpeni mtu nusu dakika ya kulisoma kabla hamjatamka lolote. Ule ukimya utawauma nyinyi kuliko wao.

Kuandika kwanza si pambo. Aliyeandika "chuo kimebagua" kwa mkono wake kisha akaona idara A ana jambo la kurekebisha. Ambaye hakuandika atasema alijua tangu mwanzo, na hatajifunza kitu. Kama muda hautoshi, acheni swali la tatu, msiache kuandika.

Sasa niseme jinsi tunavyoweka maswali haya, maana kushirikiana kunavunjikia hapo mara nyingi kuliko darasani. Wiki iliyopita nilikuta nakala nne za seti ya wiki ya pili, mbili kati yake zikiwa na neno "mpya" kwenye jina. Hakuna aliyeweza kuniambia ipi ilitumika. Kuanzia sasa kila kisa ni faili moja, na jina lake linasomeka hivi:

```
W04_S2_kisaB_t03.docx
```

Ni wiki ya nne, swali la pili, kisa B, toleo la tatu. Ukirekebisha herufi iliyokosewa, rekebisha tu, toleo halibadiliki. Ukibadilisha namba, maneno ya swali au mpangilio, hifadhi faili jipya lenye namba ya toleo inayofuata, na juu kabisa ya ukurasa andika mstari mmoja: tarehe, herufi za mwanzo za jina lako, na ulichobadilisha. Toleo la zamani usilifute. Lihamishie kwenye folda ya kumbukumbu. Ukitunga kisa kipya, kipe herufi inayofuata. Mashina yote yamo katika faili moja ambalo mnaweza kulisoma tu, na mimi ndiye ninayeliandika.

Folda ni mbili, na ukuta kati yake usiwe na tundu. Moja ni ya wanafunzi, ina visa bila maelezo. Nyingine ni ya wakufunzi, ina majibu, mitego na maoni. Muhula uliopita mtu aliweka kiungo cha folda ya wakufunzi kwenye tangazo la darasa kwa bahati mbaya, na tuligundua siku tisa baadaye. Kabla hujatuma kiungo chochote kwa wanafunzi, kifungue kwanza kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ukiwa hujaingia kwenye akaunti yako. Utakachokiona hapo ndicho anachokiona mtu baki. Na maswali ya mtihani hayaingii katika folda yoyote kati ya hizo mbili, hata kwa muda, hata kama ni rasimu.

Baada ya kila semina naomba mistari mitatu katika faili la maoni: ni kisa kipi ulitumia na kilichukua dakika ngapi, wanafunzi walikwama wapi, na sentensi moja waliyoisema, kwa maneno yao wenyewe, bila jina la aliyesema. Mstari wa tatu ndio wenye thamani kubwa. Tazameni huu, ulioandikwa na mmoja wenu kuhusu kisa A:

"Dakika 18. Walikwama mwanzoni kabisa, nusu ya darasa ilipiga kura ndiyo, nusu hapana, kisha kimya. Mmoja alisema: 'Kama idara hazikubagua, basi hakuna tatizo, tuendelee.'"

Mistari hiyo ilinifundisha mambo mawili. Kwanza, niliandika kisa vibaya. Swali lililoambatana nacho lilikuwa "Je, chuo kiliwabagua wanawake?", na swali la namna hiyo hupigiwa kura, halijadiliwi. Toleo la pili linasema: "Mtu anakuletea asilimia 44 na 35 na kukutaka useme kama kuna ubaguzi. Utamwomba akuletee nini kabla hujajibu, na kila unachokiomba kinaweza kubadilisha jibu lako vipi?" Mkufunzi wa Jumanne aliyelitumia alipata dakika ishirini na mbili za mazungumzo, na neno "idara" lilitoka kwa wanafunzi wenyewe baada ya "alama", "umri" na "fedha za masomo".

Pili, ile sentensi ya mwanafunzi inaonyesha kosa ambalo sikulitarajia. Idara kutobagua katika hatua ya kukubali hakumaanishi kwamba hakuna tatizo popote. Bado linabaki swali la kwa nini wanawake waliishia kuomba idara ngumu kuingia. Jedwali halina jibu la swali hilo, na mwanafunzi anapaswa kuondoka akijua kwamba halina. Nimeliweka miongoni mwa maswali ya kuchimbua: "Jedwali limejibu swali lipi hasa, na lipi limeliacha?" Bila maoni yale lisingekuwemo.

Maoni ya Jumatatu yaandikwe kabla ya saa sita mchana Jumanne, ili wa Jumatano wayasome. Dakika tano za kuyaandika ni sehemu ya saa zenu za maandalizi zinazolipwa, ziandikeni kwenye fomu ya madai. Sitaki mtu anayelipwa kwa saa ajitolee kwa jambo ambalo kozi nzima inalitegemea. Na fomu ikirudishwa kwa sababu ya dakika hizo, niletee mimi.

Limebaki la umiliki, na hapa naomba msome mikataba yenu, kwa sababu siwezi kuwajibia wote kwa neno moja. Katika nchi nyingi, kazi anayoifanya mwajiriwa kama sehemu ya kazi yake huwa mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Ambaye si mwajiriwa bali ana mkataba wa kutoa huduma, mara nyingi hubaki na haki zake mpaka aziandike kwa mwingine. Wakufunzi wa muda wanaweza kuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Kifungu cha kutafuta ni kile kinachotaja hakimiliki au mali ya ubunifu. Kama hakipo, ulizeni kwa maandishi na mtunze jibu.

Kama haki ni yako, pendekezo langu ni hili. Kisa ulichokitunga kina jina lako chini yake daima, na unakiweka chini ya leseni ya Creative Commons, ile inayoandikwa `CC BY 4.0`. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kukitumia, kukibadilisha na kukisambaza, mradi akutaje na aseme kama amekibadilisha. Wewe unabaki kuwa mwenye kazi. Unaweza kukitumia katika chuo kingine unakofundisha, au kwenye kitabu chako, bila kumwomba mtu. Ukitaka kisitumike kibiashara, ipo `CC BY-NC 4.0`. Ila fahamu kwamba ukishatoa leseni hizi huwezi kumnyang'anya aliyekwisha kupokea kazi yako chini yake. Unaweza kuacha kusambaza, lakini yeye anaendelea kuitumia. Kwa hiyo amua kabla ya kuweka faili, si baada. Ambaye hataki leseni yoyote aniambie. Kisa chake kitabaki kwake na sitamwuliza sababu.

Huwezi kutoa leseni ya kitu ambacho si chako. Namba za Berkeley ni taarifa za ukweli, na kwa kawaida ukweli wenyewe hauna hakimiliki. Tunazitumia na kutaja zilikotoka. Lakini mchoro uliochorwa na mwandishi wa kitabu, au aya mbili za maelezo yake, ni kazi yake. Nimekuta visa vitatu katika seti yetu ambavyo ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha. Nimeviondoa leo. Waliovileta watengeneze jedwali upya kwa namba zilezile na waandike maelezo kwa maneno yao. Ni kazi ya nusu saa, na itawaruhusu kuyaweka majina yao chini yake.

Kwako uliyeuliza: kisa chako cha ajali za barabarani, kile ulichokitumia Ijumaa iliyopita bila kuniambia, nimekisoma. Kitenzi chake kiko sawa, mwanafunzi bado anachagua na kutetea, kwa hiyo hukugusa shina. Kinakosa kitu kimoja: hakisemi kama aina ya barabara ilijulikana kabla ya dereva kuchagua gari au baadaye, na bila hilo mwanafunzi hana njia ya kuamua agawe au asigawe. Ongeza sentensi hiyo, kiite kisa D, weka jina lako na leseni uliyoichagua, kisha ukiingize kwenye folda ya wakufunzi kabla ya Jumapili jioni. Kikiwa humo, kikundi changu cha Jumatatu ndicho kitakachoanza nacho.

Wenu,
Mratibu wa kozi